Ulinganisho: nianze na cheti cha forklifti au cha kreni?

Kijana_wa_Yadi

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari zenu. Nimeomba kazi katika kampuni moja inayopokea na kupakia vyuma, nami nimeambiwa nirudi nikiwa na cheti cha umahiri cha opereta. Mashine walizonazo ni forklifti na kreni, lakini fedha nilizonazo zinatosha mafunzo ya cheti kimoja tu. Mafunzo ya forklifti ni ya siku chache, na ya kreni ni ya wiki kadhaa. Naomba mnilinganishie: kipi kina faida zaidi, na siku ya mtihani wa vitendo mtu anapimwa nini hasa? Aidha, sielewi kwa nini waajiri wanang'ang'ania karatasi ilhali mtu anaweza kuonyesha palepale uwanjani kwamba mashine anaijua.

SimbaWaUsukani

Chukua cha kreni bila kusita, kaka. Mwenye cheti cha kreni hawezi kushindwa na forklifti, kwa kuwa aliyezoea mashine kubwa huiona ndogo kama mchezo. Kuhusu mtihani, usijitie hofu. Utapita katikati ya koni, utainua mzigo, utaushusha, basi. Mimi nilimaliza kwa dakika ishirini.

BiStoo

Kijana, kabla hatujakushauri, tunahitaji mambo uliyoyaacha. Ni kreni ya aina gani? Ile ya magurudumu yenye mkono unaorefuka, ile ya mnara, iliyofungwa kwenye lori, au ile inayotembea juu ya reli ndani ya karakana? Forklifti nayo ni ya kawaida yenye uzito nyuma, au ile nyembamba ya kufikia rafu za juu? Na je, umewahi kuendesha yoyote kati ya hizo?

Ndugu Simba, mimi ni msimamizi wa ghala na ndiye ninayesaini barua za kuwaruhusu maopereta, kwa hiyo nitakupinga kwa heshima. Cheti hutaja aina ya mashine aliyopimiwa mtu, na mara nyingi hutaja pia kiwango cha uwezo wake. Mwenye cheti cha kreni akija kwangu kuomba forklifti, kwangu mimi hana cheti. Ukubwa wa mashine hauhusiki hapa. Forklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo mkia wake hutupwa nje unapogeuka, na mtu aliyetoka kwenye kreni atagonga rafu siku ya kwanza.

MzeeKulabu

Naunga mkono maswali ya Bi Stoo, na wakati tunasubiri majibu nitaeleza kinachopimwa, kwa sababu nimekaa kwenye kreni za magurudumu miaka mingi na baadaye nikawa mtahini.

Mtihani wa forklifti huanza kabla ya injini kuwashwa. Mtahiniwa huizunguka mashine akitazama tairi, meno, minyororo ya mlingoti, uvujaji wa mafuta ya haidroliki, honi na breki, kisha husoma kibao cha uwezo. Wengi hukipita kibao hicho kana kwamba ni pambo. Baada ya hapo huchukua paleti, huirudisha nyuma, hushusha meno hadi kiasi cha sentimita 15 au 20 kutoka chini, huulaza mlingoti nyuma kidogo na kusafiri. Hupita njia nyembamba yenye kona ya mraba, huweka mzigo kwenye rafu na kuutoa tena, na mzigo ukimziba macho hutakiwa kusafiri kinyumenyume. Mwisho huegesha: meno yakilala kabisa sakafuni, breki ya mkono ikiwa imevutwa, gia huru, ufunguo mkononi. Nimewaona watu walioendesha vizuri saa nzima wakafeli kwa kushuka huku meno yakining'inia hewani.

Kreni ya magurudumu ni somo jingine. Nusu ya mtihani ni ya kuisimamisha: kukagua ardhi, kutoa miguu yake yote hadi mwisho, kuweka mbao au sahani chini ya miguu hiyo, kuisawazisha kwa kipimo cha maji. Mguu mmoja ukitolewa nusu, jedwali la uzito linalotumika si lile tena. Ndipo hufuata kazi ya mkono: kuupitisha mzigo katika njia yenye nguzo zilizopangwa kwa kona bila kuzigusa, kuushusha ndani ya duara lililochorwa chini, na kuutuliza unapoyumba. Kuutuliza si kusimama ukingoja. Mzigo unapokwenda mbele, opereta huufuata kwa mkono wa kreni ili ncha ya mkono iwe juu yake wakati unapofika mwisho wa kuyumba, na unakufa hapo hapo. Muda wote huo anafuata ishara za mtu mmoja tu aliyeteuliwa. Ishara moja pekee anapaswa kuitii kutoka kwa yeyote, hata mfagiaji: ya kusimama.

SimbaWaUsukani

Mzee, sikatai, lakini hayo ya majedwali ni ya darasani. Kreni za sasa zina kompyuta inayopiga kengele mzigo ukizidi, na hata kuizuia kreni isiendelee. Opereta anafanya hesabu za nini?

MzeeKulabu

Ni kweli kifaa hicho kipo na husaidia sana, hapo umesema sawa. Lakini kifaa huamini unachokiambia. Ukikiambia miguu imetoka yote wakati imetoka nusu, kitakupa idhini ya kupindua kreni, isipokuwa kama kreni yenyewe ina vihisi vya miguu. Tena hakijui kama ardhi chini ya mguu ni udongo uliofukiwa juzi.

Acha nikupe swali nililokuwa nikiwapa watahiniwa. Jedwali linaonyesha kwamba katika umbali wa mita 10 kutoka katikati ya kreni, uwezo ni kilo 3,600. Mzigo una kilo 3,300. Unainua? Wengi hujibu ndiyo, na wanajivunia kwamba zimebaki kilo 300. Ukiwauliza kulabu pamoja na puli zake ina uzito gani, wanatazamana. Katika mfano ule kulabu ilikuwa na kilo 250, na mikanda na pingu za kufungia kilo 100. Jumla ni kilo 3,650, yaani tumezidi kwa 50, kwa kuwa katika majedwali mengi vitu hivyo huhesabiwa kuwa ni sehemu ya mzigo. Na bado hatujainua. Mkono wa kreni ukipokea uzito hujikunja kidogo, mzigo unasogea nje, umbali unakuwa zaidi ya mita 10, na uwezo unashuka tena. Jibu zuri ni kuisogeza kreni karibu kabla ya kufunga chochote.

PaletiMbili

Hili la hesabu limenigusa, nami nitawasimulia kilichonipata kwenye forklifti, maana watu hudhani ni kreni peke yake inayopinduka.

Nilipata cheti katika mafunzo ambayo sitayataja. Tulifanya kila kitu alichokieleza Mzee: koni, kona, rafu, maegesho. Lakini siku zote, mtihani ukiwemo, tulibeba paleti tupu au zenye maboksi mepesi. Hakuna aliyewahi kuniambia nisome kibao cha uwezo kwa sauti na kueleza maana yake. Nilifaulu kwa alama nzuri, nikaajiriwa, nikapewa mashine ya kilo 2,500.

Mwezi wa pili likaja sanduku la mbao lenye vipuri, limeandikwa ubavuni kilo 2,200. Nikajisemea, 2,200 ni ndogo kuliko 2,500, twende. Sanduku lilikuwa na urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1. Kwa sababu lilikuwa limebanwa na mizigo mingine, nililiingilia kwa upande wake mwembamba, likawa limenyooka mbele yangu kwa urefu wote. Liliinuka. Nilichopaswa kukitambua ni kwamba usukani ulikuwa mwepesi kama wa baiskeli, kwa kuwa magurudumu yanayokata kona ni ya nyuma na yalikuwa yanakaribia kuacha sakafu. Nilidhani mashine iko katika hali nzuri siku hiyo.

Nilisafiri hatua kama kumi. Mwenzangu akatokea pembeni, nikakanyaga breki, sanduku likajitupa mbele na mkia wa mashine ukapanda juu. Nilibaki nimefungwa mkanda, nimeshika usukani, na hilo peke yake nililifanya sawasawa, kwa sababu anayeruka hukutwa chini na paa la kinga. Sanduku liliteleza kutoka kwenye meno na kupasuka, mkia ukarudi chini kwa kishindo. Yule mwenzangu alikuwa amesimama mita mbili tu kutoka pale. Hakuumia. Mimi nilisimamishwa kazi wiki tatu.

Katika uchunguzi ndipo fundi akanikalisha na karatasi. Kibao kilisema kilo 2,500 katika kitovu cha mzigo cha milimita 500, yaani uzito ukiwa umejikusanya nusu mita kutoka kwenye uso wa meno. Kutoka ekseli ya mbele hadi uso huo, kwenye mashine yetu, kulikuwa na milimita 450 nyingine. Ekseli ndiyo egemeo, kama la bembea. Basi mashine inavumilia 2,500 mara 950. Sanduku langu, kwa kuwa nililibeba kwa urefu, lilikuwa na kitovu katika milimita 900, ukijumlisha 450 ni 1,350. Gawanya, unapata takriban kilo 1,760. Mimi nilikuwa nimebeba 2,200. Ningeliingilia kwa upande mpana, kitovu kingekuwa milimita 500 na mashine ingelibeba bila kulalamika. Sanduku lile lile na mashine ile ile. Tofauti ilikuwa upande niliouchagua.

Kwa hiyo, Kijana, swali langu kwako si forklifti au kreni. Ni hili: hao wanaotaka kukufundisha wana mzigo halisi uwanjani, au wana paleti tupu?

BiStoo

Ndugu PaletiMbili, pole, na ahsante. Hesabu hiyo ni ya kukadiria tu. Mtengenezaji ndiye mwenye neno la mwisho kwenye kibao chake, na ukifunga kifaa chochote mbele, kama cha kusogeza meno pembeni, uwezo hushuka na kibao hubadilishwa. Lakini makadirio hayo yanatosha kumzuia mtu.

Kijana, kisa hicho kinajibu pia swali lako la karatasi. Mtu akija kunionyesha uwanjani kwamba anajua, ananionyesha mikono yake. Dakika kumi za kuendesha haziwezi kunionyesha kama anajua kwa nini sanduku lile halibebeki kwa urefu. Mtahini humuuliza, na majibu huandikwa. Ajali ikitokea, mkaguzi wa usalama na kampuni ya bima huniuliza maswali yale yale: nani alimfundisha, kwa mashine ipi, nani alimpima, na barua ya kumruhusu ina tarehe gani. Nikikosa moja, madai ya bima yanakuwa mashakani na kesi inakuwa yangu mimi niliyemkabidhi ufunguo.

Ila nisiwadanganye: cheti peke yake hakinitoshi. Kinanionyesha kwamba mtu alipimwa kwa kiwango fulani. Baada ya hapo bado namfundisha njia zetu, rafu zetu na mizigo yetu, namtazama akifanya kazi, ndipo naandika barua. Anayedhani cheti ni ruhusa ya kupanda mashine yoyote popote ameelewa nusu.

Dereva_wa_Mteremko

Samahani, nimeona mada inahusu leseni. Mimi nina leseni ya lori kubwa, je, siruhusiwi kuendesha forklifti bila mtihani mwingine? Na cheti changu cha zamani cha forklifti kina miaka saba, kimekufa au bado? Nauliza pia kwa sababu eneo letu lina mteremko, na msimamizi mpya ananilazimisha kushuka kinyumenyume nikiwa na mzigo, jambo ninaloliona ni la hatari kwa sababu sioni mbele.

SimbaWaUsukani

Kushuka kinyumenyume ni woga tu. Ukishuka ukitazama mbele unaona njia vizuri.

MzeeKulabu

Unaona njia, na mzigo unaiona kabla yako kwa kuwa umeshateleza. Ukiwa na mzigo, mzigo hukaa upande wa juu wa mteremko: unapanda ukitazama mbele, unashuka kinyumenyume ukigeuza shingo. Bila mzigo ni kinyume chake, meno hutazama chini. Na usigeuze mashine katikati ya mteremko hata kama ni mdogo. Msimamizi wako yuko sahihi, Dereva. Kama huoni nyuma, tatizo ni mtu wa kuongoza au taa na vioo, na hayo ndiyo umdai.

Kuhusu leseni ya lori, inathibitisha kwamba unajua barabara. Haigusi mlingoti wala kitovu cha mzigo. Muda wa cheti hutofautiana. Marekani kanuni humtaka mwajiri amtathmini upya opereta wa forklifti angalau kila miaka 3, na mapema zaidi akipata ajali, akiponea chupuchupu, akionekana akiendesha vibaya au akihamishiwa aina nyingine ya mashine. Uingereza sheria haikuweka tarehe ya cheti kufa, bali waajiri wenyewe hupanga mafunzo ya kukumbushia. Uliza mamlaka ya usalama kazini ya mahali ulipo.

PaletiMbili

Mimi nadhani miaka saba bila kupimwa ni mingi, iwe sheria inasema au haisemi.

Dereva_wa_Mteremko

Lakini nimekuwa nikiendesha kila siku kwa miaka hiyo saba. Aliyepata cheti mwezi uliopita na hajagusa mashine ndiye salama kuliko mimi?

BiStoo

Hapana, na pia si lazima wewe uwe salama. Anayeendesha kila siku huzoea makosa yake. Nimempima mtu wa miaka kumi aliyekuwa akisafiri na meno yakiwa kiunoni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia.

Kijana_wa_Yadi

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa. Nimerudi kusoma tangazo la kazi kwa makini. Forklifti ni ya kawaida ya tani 3, yenye injini ya dizeli. Kreni wameandika ni ya juu ya karakana, ya tani 5, inayoendeshwa na mtu aliye chini kwa kushika kidhibiti chenye vitufe. Mafunzo niliyokuwa nimeyatafuta ni ya kreni ya magurudumu. Sikujua kuwa kuna tofauti. Kuhusu uzoefu, nimefanya kazi ya kupakia kwa miaka miwili na huwa naendesha forklifti opereta anapokwenda kula, bila cheti.

BiStoo

Hilo la mwisho uliache leo hii, mwanangu, kabla hujaanza kutafuta cheti chochote. Siku ukimgonga mtu, opereta aliyekuachia ufunguo ataumia nawe.

Na umeona sasa kwa nini tulikuuliza aina? Ungetumia akiba yako yote kwa wiki kadhaa za miguu, majedwali na mkono wa kreni, kisha ungefika pale wakakwambia cheti si cha mashine yao.

MzeeKulabu

Ni kweli kabisa. Kreni ya karakana haina cha kupinduka, na uwezo wake ni ule ule popote ilipo kwenye reli, kwa hiyo jedwali la umbali halipo. Lakini ina mitego yake. Mtahini atakutazama ukijaribu swichi ya kikomo cha juu bila mzigo mwanzoni mwa zamu, ukikagua waya na ulimi wa kulabu, na hasa atatazama kama unaweka kulabu juu ya kitovu cha mzigo kabla ya kuinua. Anayevuta mzigo kwa pembeni hupata vitu viwili: mzigo unaoruka kama pendulo unapoacha sakafu, na waya unaotoka kwenye mifereji ya ngoma yake. Halafu wewe unatembea na mzigo kwa miguu yako. Njia yako lazima iwe wazi, na hakuna mtu anayepita chini. Kwa kuwa mara nyingi unafunga mzigo mwenyewe, ningetaka mafunzo yanayojumuisha ufungaji. Mikanda miwili ikifunguka kwa pembe pana, kila mmoja hubeba zaidi ya nusu ya uzito. Pembe kati yao ikifika digrii 120, kila mmoja anabeba uzito mzima.

SimbaWaUsukani

Basi hapo nabadilisha kidogo. Kama ni ya vitufe, achukue forklifti, hiyo ya vitufe atafundishwa kazini siku moja.

MzeeKulabu

Nusu nakubali, nusu nakataa. Vitufe atavijua kwa siku moja. Kufunga vyuma virefu visiteleze hatakujua kwa siku moja, na hiyo ni kampuni ya vyuma. Mimi ningeanza na kreni yao.

BiStoo

Mimi ningeanza na forklifti, kwa kuwa ina nafasi nyingi zaidi za kazi endapo hawa hawatamchukua, na tayari ameizoea. Lakini vyuma virefu kwenye forklifti ni kisa cha PaletiMbili tena, kwa hiyo amuulize mkufunzi kama mtihani una mzigo mrefu.

PaletiMbili

Na waulize waajiri wenyewe kama wao hulipia cheti cha pili baada ya mtu kuajiriwa. Wengine hufanya hivyo.

Kijana_wa_Yadi

Nitawapigia Jumatatu. Nitauliza ni mashine ipi nitakayokabidhiwa kwanza, na kama wanakubali cheti cha chuo chochote au wana orodha yao. Nitawaletea jibu.

Dereva_wa_Mteremko

Na mimi, nikitaka kupimwa upya, je, lazima nirudie mafunzo yote tangu mwanzo au naweza kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa vitendo?